Mlango Umefunguka, Chumba ni Giza

Tumchukue mhasibu anayeishi Moshi, ambaye kompyuta yake ya kazi iko Dar es Salaam, chini ya meza ya ofisi, inawaka usiku na mchana. Ni tarehe 18, zimebaki siku mbili kufikia mwisho wa kuwasilisha ritani za VAT. Usiku anafungua laptopu nyumbani, anawasha VPN ya ofisi, kisha anafungua `Remote Desktop Connection`, ile programu ya Windows inayomwezesha mtu kuitumia kompyuta ya mbali kana kwamba ameketi mbele yake. Anaandika nenosiri, linakubaliwa. Dirisha linafunguka, linajaa skrini nzima, halafu linakuwa jeusi tii. Kishale cha mausi kinatembea juu ya weusi huo kama kawaida. Dakika moja inapita, dirisha linajifunga, na ujumbe unatokea kwamba muunganisho umekatika. Anajaribu mara nne. Mara zote nne mambo ni yale yale.

Anampigia fundi wa ofisi.

"Kaka, ile kompyuta yangu imekufa."

"Haijafa, dada. Ingekufa isingekuuliza hata nenosiri. Mtandao wa huko ukoje?"

"Mtandao uko vizuri kabisa. Watoto wanaangalia video hapa bila kukwama."

"Kama mtandao ni mzima, basi hiyo ni kadi ya picha. Kesho nitaiangalia."

Fundi alianza vizuri, kisha akateleza kwenye hatua ya mwisho. Video isiyokwama nyumbani Moshi haisemi lolote kuhusu njia inayotoka laptopu hiyo, ikapita ndani ya VPN, mpaka kompyuta iliyo chini ya meza Dar es Salaam. Watu wengi hupoteza siku nzima hapo: wanabadilisha rangi, wanaondoa draiva na kuiweka upya, wanawasha upya kila kitu, na hawajajua bado kama ugonjwa uko njiani au uko kwenye kompyuta yenyewe. Kuyatenganisha hayo mawili kunawezekana, tena bila kifaa chochote cha kununua.

Kwanza inafaa kujua kinachotokea kati ya kubonyeza `Connect` na kuiona deskitopu. Laptopu inaigongea kompyuta ya ofisini kwenye mlango namba 3389. Zinakubaliana jinsi ya kusimba mazungumzo yao, jina na nenosiri vinapelekwa na kukaguliwa. Nenosiri likikubalika, kompyuta ya ofisini inamfungulia mtumiaji kikao chake, au inamrudisha kwenye kile alichokiacha wazi jana. Ndani ya kikao hicho inaanzisha programu iitwayo `explorer.exe`, ambayo ndiyo inayochora upau wa chini, aikoni na picha ya nyuma. Hapo ndipo picha zinaanza kusafiri kuja nyumbani, na vibonyezo vya kibodi na mausi kwenda ofisini.

Skrini nyeusi baada ya nenosiri kukubaliwa imekaa katikati ya hatua hizo za mwisho. Maana yake mlango umefunguka, na vitu vidogo vimeweza kupita njiani kwenda na kurudi. Yanabaki maswali matatu. Je, kikao kimeanza kweli? Je, picha imechorwa? Na kama imechorwa, je, imefika? Kile kishale kinachotembea hakijibu hata moja kati ya hayo, maana mwendo wake unachorwa na laptopu yenyewe hapo nyumbani. Kinaweza kutembea vizuri kabisa juu ya muunganisho uliokwisha kufa nusu dakika iliyopita.

Tuanze na mtandao, kwa kuwa ndio unaolaumiwa kwanza na ndio unaosamehewa haraka. Kipimo cha kasi cha kwenye simu, kile kinachotaja megabiti ngapi kwa sekunde, hakisaidii sana hapa. Kazi za ofisi kwenye kompyuta ya mbali hazidai kasi kubwa. Kinachoziumiza ni pakiti kupotea na muda wa kwenda na kurudi kuwa mrefu au kuyumbayumba. Kipimo cha mambo hayo kimo ndani ya kila Windows. VPN ikiwa imewashwa, mhasibu anafungua `cmd` na kuandika, huku akiweka jina la kompyuta yake ya ofisini:

```
ping -n 100 PC-UHASIBU
```

Hizo ni pakiti ndogo 100 zinazoenda na kurudi. Mwishoni Windows inataja ngapi zimepotea na muda wa wastani. Tuseme zimerudi zote 100, kila moja kwa milisekunde 40 hadi 60. Hiyo ni njia nzuri. Zingekuwa zinapotea tano au kumi, au muda unaruka kutoka 50 hadi 900 na kurudi, hapo mtandao wenyewe ungekuwa na kesi ya kujibu. Kama hakuna hata moja inayorudi, pengine ni fayawoli ya ofisini tu inayokataa `ping`, na bado mlango wa 3389 uko wazi.

Mtandao mbovu una sura yake, na anayeifahamu hawezi kuichanganya na weusi wa mhasibu wetu. Picha huja vipande vipande. Herufi huandikwa leo zikaonekana kesho, kama wanavyosema wenyewe. Kisha katikati ya kazi deskitopu inafifia na Windows inaandika kwamba inajaribu kuunganisha upya, jaribio la kwanza kati ya 20. Huo mstari wa majaribio 20 ni ushahidi mzuri sana: programu huuonyesha pale njia inapokatika bila upande wa pili kuaga. Kompyuta ya ofisini inapoamua yenyewe kumtoa mtu, humtoa kwa ujumbe wa kueleza na haianzi kuhesabu majaribio.

Watumiaji wengi wa Afrika Mashariki waliiona sura hiyo tarehe 12 Mei 2024, siku nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kompyuta iliyo Dar es Salaam ikitumiwa na mtu aliye Moshi haihitaji waya wa baharini kama mitandao yao inakutana hapahapa nchini. Seva iliyokodiwa Ulaya ni jambo jingine. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo waya wa kilomita 10,000 pekee unakula milisekunde 100 za kwenda na kurudi hata siku ambayo kila kitu ni kizima. Njia ikizungushwa kupitia kwingine, muda huo unaongezeka, na hakuna mpangilio wa skrini utakaoupunguza.

Weusi wa mhasibu ni wa namna nyingine kabisa. Unakuja kila mara, unakuja mahali pale pale, na unakaa muda ule ule. Mtandao unaoyumba haurudii kosa lake kwa usahihi wa namna hiyo. Ndiyo maana fundi alidhani ni kadi ya picha, na haikuwa dhana ya kipuuzi. Lakini kabla ya kuigusa kadi ya picha angeweza kuiuliza kompyuta ya ofisini imeandika nini, kwa sababu kompyuta hiyo huandika kila kitu.

Daftari lake limefichwa ndani kidogo. Kwenye kompyuta ya ofisini, fungua `Event Viewer`, kisha `Applications and Services Logs`, `Microsoft`, `Windows`, `TerminalServices-LocalSessionManager`, na mwisho `Operational`. Humo kila tukio lina namba. Namba 21 inasema mtu ameingia na kikao kimefunguliwa. Namba 22 inasema zile programu za kuchora deskitopu zimeanza. Namba 24 inasema kikao kimeachwa, yaani muunganisho umekatika huku kikao chenyewe kikibaki wazi ndani. Namba 25 ni ya mtu aliyerudi kwenye kikao alichokiacha. Namba 40 inataja sababu ya kukatika kwa tarakimu, na tutairudia baadaye.

Asubuhi fundi anafungua daftari hilo na kukuta, kwenye saa ambayo mhasibu alijaribu kwa mara ya kwanza, 21, sekunde chache baadaye 22, na dakika moja baadaye 24. Majaribio yaliyofuata yanaonyesha 25 kisha 24, 25 kisha 24. Kwa hiyo kikao kilifunguka na deskitopu ilianza. Kompyuta ilifanya kazi yake.

Yamebaki mambo mawili: kuchora na kufikisha. Fundi anachukua laptopu nyingine hapo hapo ofisini, anaichomeka kwenye waya wa mtandao wa ndani, na kumwomba mhasibu aingie kwa jina lake kwenye kompyuta ile ile. Deskitopu inatokea papo hapo, na majedwali ya mauzo yako wazi kama yalivyoachwa. Kompyuta ni ile ile, kikao ni kile kile, kadi ya picha ni ile ile. Kilichobadilika ni njia peke yake.

Hili ndilo jaribio lenye thamani kubwa kuliko yote katika shida hii, na inasikitisha jinsi linavyorukwa. Linachukua dakika tano na linafuta nusu ya orodha ya washukiwa kwa mkupuo mmoja.

Lakini pakiti 100 zilikwenda na kurudi bila kupotea hata moja. Inawezekanaje njia nzima ya namna hiyo ikashindwa kuleta picha?

Jibu liko kwenye ukubwa. `ping` ya kawaida ya Windows hubeba baiti 32 tu za data. Nenosiri na makubaliano ya mwanzo nayo ni mafupi. Picha ya deskitopu ni shehena: hukatwa vipande na kila kipande hujazwa hadi kiwango cha juu ambacho mtandao unasema unaweza kubeba. Kwenye mitandao mingi ya kawaida kiwango hicho ni baiti 1500 kwa pakiti, na kinaitwa MTU. VPN huifunga kila pakiti ndani ya bahasha nyingine, na bahasha hiyo ina uzito wake, hivyo nafasi inayobaki ndani ni ndogo kuliko 1500. Laptopu na kompyuta ya ofisini zikijua hivyo, hupunguza vipande na mambo huenda. Zisipojua, hutuma vipande vikubwa ambavyo haviwezi kupita.

Kwa kawaida ruta iliyokataa pakiti kubwa hurudisha ujumbe mfupi wa kusema, punguza. Fayawoli nyingi huuzuia ujumbe huo, kwa kuwa aliyeziweka alifunga aina hiyo yote ya pakiti akidhani anaongeza usalama. Basi pakiti kubwa inatupwa kimya kimya, na aliyeituma hapati habari. Anaituma tena ile ile, inatupwa tena. Data inayosafiri kwa TCP hupokelewa kwa mpangilio, kwa hiyo kipande kimoja kilichokwama kinazuia vyote vilivyo nyuma yake hata kama ni vidogo, kama lori lililokwama kwenye daraja jembamba na bodaboda zote zikasubiri nyuma yake. Upande wa nyumbani hakuna picha ya kuonyesha. Skrini inabaki nyeusi mpaka upande mmoja unachoka kusubiri.

Hilo nalo linapimika kwa `ping`, safari hii kwa kuamuru ukubwa na kukataza pakiti isikatwe njiani:

```
ping -f -l 1372 PC-UHASIBU
```

Herufi `-f` inakataza kukata, na `-l 1372` inataja baiti za data. Juu ya hizo huongezeka baiti 28 za vichwa, kwa hiyo pakiti nzima ni 1400. Majibu mawili tofauti yanaweza kutokea na tofauti yake ni kubwa. Windows ikisema `Packet needs to be fragmented but DF set.`, basi kuna aliyejua kwamba pakiti ni kubwa mno na akasema. Ikisema `Request timed out.` wakati pakiti ndogo zinajibiwa, pakiti imemezwa njiani na hakuna aliyesema.

Mhasibu, simu ikiwa sikioni, anaandika anavyoelekezwa. Kwa 1372 hakuna jibu. Kwa 1272 majibu yanakuja yote manne. Wanakata katikati: 1322 inapita, 1347 haipiti. Wanaendelea kubana namna hiyo mpaka 1332 inapita na 1333 inakwama. Ongeza 28 juu ya 1332, unapata 1360. VPN ilikuwa imewekwa kuamini kwamba njia inabeba 1400, kumbe inabeba 1360. Baiti 40 zinamzuia mtu kufanya kazi yake usiku kucha.

Kipimo hicho kinafaa kurudiwa kutoka ofisini kuelekea laptopu pia kama fayawoli ya laptopu inaruhusu, kwa sababu shehena nzito, yaani picha, inatoka upande huo.

Marekebisho yanahitaji `cmd` iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Amri ya kwanza inaonyesha majina ya miunganisho na MTU ya kila mmoja, na ya pili inapunguza ule wa VPN. Hapa umepewa jina la `VPN Ofisi`:

```
netsh interface ipv4 show subinterfaces
netsh interface ipv4 set subinterface "VPN Ofisi" mtu=1360 store=persistent
```

Kupunguza upande wa laptopu kunatosha kuzitibu pande zote mbili kwa mazungumzo ya TCP. Mwanzoni mwa kila muunganisho laptopu humwambia mwenzake ukubwa wa kipande inachoweza kupokea, na kompyuta ya ofisini inauheshimu. Mhasibu anakata muunganisho, anaunganisha upya, deskitopu inatokea. Baadhi ya programu za VPN huunda muunganisho mpya kila zinapowashwa na kuifuta namba hiyo. Zikiwa hivyo, namba inawekwa ndani ya mipangilio ya VPN yenyewe, na hiyo ni kazi ya anayeisimamia VPN ofisini.

Kuna mafundi ambao wakifika hapa huchagua njia ya mkato: wanaiondoa VPN na kuufungua mlango 3389 wa ofisi moja kwa moja kwenye intaneti. Skrini nyeusi inaondoka kweli. Lakini mlango huo hupapaswa usiku na mchana na mitambo inayobahatisha manenosiri. Mei 2019 Microsoft ililazimika kutoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo iliokuwa imeshauacha, kwa sababu ya tundu la BlueKeep lililomwezesha mshambuliaji kuingia kupitia huduma hii bila nenosiri lolote. VPN ibaki.

Kuna ugonjwa mwingine wa njia unaofanana na huu, nao hutokea sana watu wanapofikiri wameshamaliza. Tangu Windows 8, programu hii hutumia barabara mbili kwa pamoja: TCP inayohakikisha kila kipande kimefika, na UDP inayotanguliza kasi. Kwenye ofisi ya mhasibu wetu UDP ilikuwa imefungwa, kwa hiyo kila kitu kilipita TCP. Kwingine UDP huruhusiwa kuanza, kisha VPN au ruta ya njiani inaisahau au inaibana, na picha zinaganda au zinakatika hali TCP ni nzima. Aikoni ya minara ya mawimbi kwenye upau wa juu wa dirisha hueleza ubora wa muunganisho na kutaja kama UDP inatumika. Inapotumika na kukatika hakuishi, jaribio lake ni kuizima upande wa laptopu:

```
reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services\Client" /v fClientDisableUDP /t REG_DWORD /d 1
```

Windows iwashwe upya, kisha mtu afanye kazi nusu saa. Kukatika kukiisha, sababu imejulikana. Kukiendelea kama zamani, thamani hiyo irudishwe kuwa 0, maana kuacha mabaki ya kila jaribio ndiko kunakozifanya kompyuta za ofisi zisieleweke na yeyote mwaka unaofuata.

Sasa tugeuze tukio. Tuseme fundi alipoijaribu laptopu ya ofisini kwenye waya wa ndani, nayo ilikuwa nyeusi. Njia imefutiwa mashtaka, na uchunguzi unahamia ndani ya kompyuta.

Kitu cha kwanza cha kubonyeza ni `Ctrl+Alt+End`. Vibonyezo hivi huifanyia kompyuta ya mbali kile ambacho `Ctrl+Alt+Delete` hufanya kwenye kompyuta uliyokalia. Ikiwa ile orodha yenye `Lock`, `Sign out` na `Task Manager` inatokea, basi umejifunza mengi kwa sekunde mbili: picha zinachorwa na zinafika. Kilichokosekana ni deskitopu. Chagua `Task Manager`, fungua `Run new task`, andika `explorer.exe`. Mara nyingi upau na aikoni hurudi hapo hapo. Kwenye daftari la matukio hali hii huweza kuonekana kama 21 isiyofuatwa na 22, au 22 inayochelewa sana.

Wakati mwingine kikao cha jana ndicho kilichoharibika, na kila ukiingia unarudishwa kwenye maiti ile ile. Mtu mwenye mamlaka kwenye kompyuta hiyo anaweza kuviona vikao vyote:

```
query session
```

Jedwali linatoka lenye jina la mtumiaji, namba ya kikao na hali yake. Kikao kilichoachwa wazi bila mtu huandikwa `Disc`. Kama namba yake ni 2, amri ya `logoff 2` inakifunga, na atakayeingia tena ataanza kikao kipya. Kikifungwa, kila faili ambalo halikuhifadhiwa linapotea, kwa hiyo aulizwe kwanza mwenye nacho. Mtumiaji mwingine akiingia kwa jina lake na kuona kila kitu sawasawa, tatizo liko kwenye kikao au wasifu wa yule wa kwanza, na hakuna haja ya kugusa draiva.

Kadi ya picha inabaki mwishoni, kwa hali hii: weusi upo hata kwenye waya wa ndani, upo kwa kila mtumiaji, na `Ctrl+Alt+End` hailetí chochote ingawa daftari linaonyesha 21 na 22. Hili si jambo la kufikirika. Windows 10 toleo la 1903, lililotoka Mei 2019, lilibadilisha namna vikao vya mbali vinavyochorwa, likaanza kutumia mfumo wa draiva uitwao WDDM. Baadaye Microsoft ilikiri kwamba kompyuta zenye baadhi ya draiva za zamani, zikiwemo za picha zilizojengwa ndani ya chipu za Intel 4 Series, zilionyesha skrini nyeusi pale mtu alipojiunga nazo kwa mbali. Chipu hizo ni za kizazi cha mwaka 2008. Kwa ofisi zinazonunua kompyuta zilizotumika Ulaya, umri huo si wa kushangaza, na kompyuta ya namna hiyo inaweza kuonyesha vizuri kabisa kwenye kioo chake huku ikiwa giza kwa anayeingia kwa mbali.

Jaribio la kwanza la upande huu halibadilishi chochote kwenye kompyuta. Fungua dirisha dogo kwenye skrini moja tu:

```
mstsc /v:PC-UHASIBU /w:1024 /h:768
```

Likionyesha vizuri, na skrini nzima au skrini mbili pamoja zikawa nyeusi, umeshalibana tatizo kwenye vipimo vya picha. Likiwa jeusi nalo, nenda kwenye kompyuta ya ofisini, fungua `gpedit.msc`, na ndani ya `Computer Configuration`, `Administrative Templates`, `Windows Components`, `Remote Desktop Services`, `Remote Desktop Session Host`, `Remote Session Environment`, tafuta mstari huu: `Use WDDM graphics display driver for Remote Desktop Connections`. Ukiuweka `Disabled` na kuwasha kompyuta upya, vikao vya mbali vinarudi kwenye mfumo wa zamani wa kuchora. Deskitopu ikitokea, draiva ya picha ndiyo yenye kosa, na tiba ya kudumu ni draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji ikiwa ipo.

Vile visanduku vya kichupo cha `Experience`, vya kuzima picha ya nyuma na mapambo, vinapendekezwa sana na watu. Vinapunguza shehena, hivyo vinasaidia pale mtandao ulipo wa polepole. Pakiti inayomezwa njiani vinaiacha imezwe, na draiva iliyochoka vinaiacha ilivyo. Kuvizima na kuona skrini bado nyeusi hakuthibitishi chochote kwa upande wowote.

Wiki mbili baadaye mhasibu wa Moshi anapiga simu tena. Safari hii deskitopu ilionekana vizuri, akafanya kazi dakika ishirini, kisha dirisha likafungwa ghafla. Akaingia tena, dakika chache likafungwa tena. Moja kwa moja alihisi ni ile MTU imerudi.

"Dada, lilipofungwa lilihesabu majaribio, moja kati ya 20?"

"Hapana. Lilisema kuna mtumiaji mwingine ameunganishwa."

Fundi anafungua daftari. Kuna tukio namba 40, na sababu iliyoandikwa ni 5. Tarakimu hiyo inamaanisha muunganisho umechukuliwa na muunganisho mwingine. Ingekuwa 3, kikao kingekuwa kimekatwa kwa sababu ya kukaa bila kuguswa. 4, muda ulioruhusiwa umekwisha. 11, mtumiaji mwenyewe amekata muunganisho kutoka ndani ya kikao chake. Windows ya kawaida ya ofisini, isiyo ya seva, humpa nafasi mtu mmoja tu kwa wakati. Mhasibu msaidizi aliyeajiriwa wiki iliyopita alikuwa amepewa jina na nenosiri lile lile, na kila alipoingia kutoka Mbagala, mwenzake wa Moshi alitolewa. Kila mmoja alidhani mtandao wa nyumbani kwake ni mbovu. Fundi alimfungulia msaidizi jina lake na kumpa kompyuta ya pili, iliyo meza ya jirani.